Kumi wa Mwisho Walipanda, Kumi wa Kwanza Wakashuka

Nilikuwa katika mwaka wangu wa tatu wa ualimu nilipopewa hisabati ya Kidato cha Pili, mkondo A, wanafunzi 44. Mwishoni mwa Februari nikawapa jaribio la kwanza. Wastani wa darasa ukatoka 52. Usiku ule nikayapanga majina yao kwa alama kwenye daftari, nikapiga mstari chini ya jina la kumi, na mwingine juu ya jina la thelathini na tano. Kumi wa juu walikuwa na wastani wa 80. Kumi wa chini walikuwa na 28.

Hiyo 28 ilininyima usingizi. Kesho yake nikaomba ruhusa kwa mwalimu wa taaluma niwabakize hao kumi baada ya vipindi, siku tatu kwa wiki, kuanzia saa tisa na nusu alasiri. Kwa wiki tano tulikaa chini ya mwembe nyuma ya maktaba na ubao mdogo wa kuegemeza, tukarudia milinganyo, vipeo na seti tangu mwanzo. Kumi wa juu niliwapongeza mbele ya darasa, nikawapa daftari na kalamu, nikawaacha waendelee wenyewe.

Jaribio la pili lilikuwa la ugumu uleule, na wastani wa darasa ukatoka 52 tena. Kumi wa chini walipanda kutoka 28 hadi 36. Kumi wa juu walishuka kutoka 80 hadi 72.

Katika ofisi ya walimu hakuna aliyehitaji kufikiri sana. Waliofundishwa jioni wamepanda, kwa hiyo masomo ya jioni yamezaa matunda. Waliosifiwa wameshuka, kwa hiyo sifa zimewavimbisha kichwa. Mimi mwenyewe niliyasema hayo kwa sauti, na nikayaamini. Nilimwita binti mmoja aliyekuwa wa kwanza kwa alama 91 na sasa amepata 77. Nilimsimamisha pembeni mwa meza yangu nikamuuliza ni nini kimemwingia. Akasema hajui. Nikamwambia mtu haanguki alama 14 bila sababu, aniambie ukweli kabla sijampigia baba yake. Alitazama vidole vyake muda wote, na machozi yakaanguka juu ya karatasi yake ya mtihani.

Bado ninaiona ile karatasi. Ndiyo maana nimeamua kuandika habari hii kwa kirefu.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nasaidia kuingiza alama za mkondo B kwenye kompyuta ya ofisi. Mkondo B ulifanya mitihani ileile miwili siku zilezile. Mwalimu wao alikuwa na vipindi vingi mno mwaka ule, hakuwa na nafasi ya kumbakiza mtu jioni. Hakuna aliyepewa zawadi wala aliyefundishwa zaidi ya mwenzake. Nikawatafuta kumi wao wa mwisho katika jaribio la kwanza, ambao wastani wao ulikuwa 27. Katika jaribio la pili walipata wastani wa 35.

Alama nane. Zilezile nane ambazo mimi nilizipata kwa wiki tano chini ya mwembe.

Nikatazama na kumi wao wa juu, ambao hakuna aliyewasifu. Nao walikuwa wameshuka kwa karibu alama nane.

Jambo hili lina jina katika takwimu: kurejea kwenye wastani. Ukiwachagua watu kwa sababu wamefanya vizuri mno au vibaya mno katika kipimo kimoja, ukiwapima tena, wakiwa kundi watakuwa karibu zaidi na wastani, hata kama hujawafanyia lolote. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia chuoni, nikayaandika katika mtihani na kupata alama zake. Sikuwa nimewahi kuyaona yakiwa na sura za watoto ninaowajua.

Sababu yake ni rahisi ukishaiona. Alama ya mtihani ina vitu viwili ndani yake. Kimoja ni kile ambacho mtoto anakijua kweli, ambacho hakibadiliki sana toka wiki hii hadi ijayo. Kingine ni bahati ya siku ile: maswali yaliyotoka, usingizi alioupata, homa, kalamu iliyokwama, chaguo alilobahatisha, hata jicho la msahihishaji aliyekuwa na makaratasi mia mezani. Karatasi ya yule binti ya alama 91 nilikuja kuitazama upya. Swali la seti lenye alama nyingi lilifanana na lile alilolifanya usiku wa kuamkia mtihani na binamu yake, namba tu ndizo zilizotofautiana. Katika karatasi ya 77, kwenye mlinganyo wa kwadratiki, aliandika jumlisha palipokuwa na kutoa katika mstari wa pili, na jibu lote likapotea kuanzia hapo. Alama nane zimeondoka kwa kistari kimoja. Mtoto ni yuleyule. Hisabati anayoijua ni ileile.

Sasa jiulize: nani anafika kwenye alama 91? Ni mtoto ambaye anajua sana, na ambaye kwa kawaida siku ile mambo yalimwendea vizuri. Mtu anayejua sana lakini akapata siku mbaya hayumo kwenye kumi bora. Yuko nafasi ya kumi na tano, amejificha. Kwa hiyo unapopiga mstari chini ya jina la kumi, hujachagua wenye uwezo peke yao, umechagua pia wenye bahati ya siku hiyo. Uwezo watakuja nao kwenye jaribio la pili. Bahati hawaji nayo.

Maelezo ya maneno hayakunitosha. Nilichukua karatasi ya miraba nikatengeneza darasa la kubuni, dogo kiasi cha kuhesabika kwa vidole, na ndilo ninalolitumia mpaka leo kuwaeleza walimu wenzangu. Nakuomba uchukue karatasi nawe.

Darasa lina wanafunzi 27. Tisa wana uwezo wa alama 40, tisa wana 50, tisa wana 60. Kwa uwezo namaanisha alama ambayo mtoto angepata kwa wastani kama ungempa mitihani mia ya aina moja, asichoke na asijifunze kitu katikati. Siku ya mtihani bahati inagawanywa bila kujali nani ni nani: katika kila watoto watatu wa uwezo mmoja, mmoja anapoteza alama 10, mmoja anabaki palepale, mmoja anaongezewa 10.

Jumlisha. Watoto watatu watapata 70, sita watapata 60, tisa watapata 50, sita watapata 40 na watatu watapata 30. Wastani ni 50.

Watazame wale watatu wa 70. Njia ya kufika 70 katika darasa hili ni moja tu: uwe na uwezo wa 60 na uongezewe 10. Wote watatu ni hodari, na wote watatu wana bahati. Wape jaribio la pili, bahati igawanywe upya. Mmoja ataongezewa tena na kupata 70, mmoja atabaki na 60 yake, mmoja atapoteza na kupata 50. Wastani wao sasa ni 60. Wameshuka alama 10 na hakuna hata mmoja aliyezembea, aliyevimba kichwa wala aliyesahau alichofundishwa.

Wageukie watatu wa 30. Wote wana uwezo wa 40, na wote walipigwa na siku mbaya. Katika jaribio la pili watapata 30, 40 na 50, wastani 40. Wamepanda alama 10 bila mwembe na bila ubao.

Kundi linalofundisha zaidi ni la sita waliopata 60, kwa sababu ndani yake kuna watu wa aina mbili. Watatu wana uwezo wa 60 na siku ya kawaida. Watatu wana uwezo wa 50 na siku njema. Ukitazama daftari huwezi kuwatofautisha, wote wameandikiwa 60. Jaribio la pili litawapa wastani wa 55. Kwa hiyo waliokuwa alama 20 juu ya wastani wamebaki 10 juu, waliokuwa 10 juu wamebaki 5 juu, na upande wa chini ni vivyo hivyo. Kila kundi limepoteza nusu ya umbali wake.

Nusu hiyo si kanuni ya dunia. Imetokea kwa sababu katika darasa hili nimeipa bahati nguvu sawa na uwezo. Ifanye bahati iwe alama 5 badala ya 10, na walio juu kabisa watapata 65 kisha watashuka hadi 60, alama tano tu. Iondoe bahati kabisa, hakuna atakayesogea. Na ukilifanya darasa liwe na watoto wa uwezo mmoja, tofauti zote zikawa ni bahati tupu, walio juu watarudi mpaka kwenye wastani wenyewe. Mitihani yetu ya kweli iko katikati ya hayo mawili. Jaribio la maswali matano ya haraka liko karibu na bahati kuliko mtihani wa maswali 40 wa saa mbili na nusu, kwa kuwa katika maswali mengi mema na mabaya ya bahati yanafutana.

Kuna makosa mawili ambayo nimeyasikia kila ninapoeleza jambo hili, na karatasi ileile ya miraba inayajibu.

La kwanza ni kudhani kuwa kuna nguvu inayowavuta watu katikati, kana kwamba aliyepata bahati njema anadaiwa na lazima ailipe kwa bahati mbaya. Hakuna deni. Watatu wa 70 hawakupewa bahati mbaya katika jaribio la pili. Walipewa bahati ya kawaida, kama watu wengine wote. Ukitoka kwenye bahati njema ukaja kwenye bahati ya kawaida, umeshuka.

La pili ni kudhani kuwa siku zikipita wote watafanana. Mwalimu mmoja wa uraia aliniuliza hivyo: kama walio juu wanashuka na walio chini wanapanda, si baada ya mitihani kumi darasa zima litakuwa 52? Rudi kwenye watoto 27. Katika jaribio la pili ni wangapi wamepata 70? Watatu, kama mwanzo. Mmoja alikuwa na 70 tangu awali. Mwingine alikuwa na 60. Wa tatu alikuwa na 50, mtoto mwenye uwezo wa 60 aliyekuwa na siku mbaya mara ya kwanza. Kilele kina watu watatu kama zamani, ila sura zimebadilika. Na ukiwachukua hao watatu wapya ukarudi nyuma kutazama jaribio la kwanza, utakuta 70, 60 na 50, wastani wa 60. Yaani walio juu leo walikuwa chini zaidi jana, kama ambavyo waliokuwa juu jana wako chini zaidi leo. Kitu kinachotokea ukienda mbele na pia ukirudi nyuma hakiwezi kuwa kimeletwa na sifa, wala fimbo, wala masomo ya jioni. Kipimo hiki cha kurudi nyuma nakipenda sana kwa sababu hakihitaji chochote zaidi ya daftari la alama ulilo nalo tayari.

Mtu aliyeliona hili kwanza kwa namba alikuwa Mwingereza, Francis Galton. Mwaka 1886 alichapisha vipimo vya urefu wa watoto 928 waliokwisha kuwa watu wazima, na wazazi wao, jozi 205. Urefu wa wanawake aliuzidisha kwa 1.08 ili ulinganike na wa wanaume, kisha akachukua wastani wa baba na mama. Akakuta kwamba wazazi wakiwazidi watu wa kawaida kwa kiasi fulani, watoto wao huwazidi kwa theluthi mbili tu za kiasi hicho. Wazazi walio sentimita 6 juu ya wastani, watoto wao wako kama sentimita 4 juu. Awali alilitafuta jambo hili katika damu, akidhani mtoto anarithi pia kwa mababu walio wa kawaida. Lakini vipimo vyake mwenyewe vilionyesha na upande wa pili: watoto warefu mno wana wazazi ambao, kwa wastani, si warefu kama wao. Mtoto hawezi kumrithisha mzazi wake ufupi. Jambo liko katika hesabu ya vitu viwili vinavyohusiana bila kuhusiana kikamilifu, na damu ni mfano mmoja tu wa vitu hivyo.

Habari iliyonigusa zaidi lakini ni ya Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Akiwa bado kijana alikuwa akiwafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli, akiwaambia kwamba sifa hufundisha kuliko adhabu. Mkufunzi mmoja mzoefu akampinga. Alisema kila akimsifu mwanafunzi kwa mzunguko mzuri wa angani, mara inayofuata anafanya vibaya zaidi. Na kila akimfokea aliyefanya vibaya, mara inayofuata anafanya vizuri zaidi. Kwa hiyo asiambiwe kuwa sifa zinasaidia. Alichokiona yule mkufunzi kilikuwa kweli tupu. Alichokosea ni sababu. Kahneman akachora shabaha chini, akawataka wakufunzi wote warushe sarafu mara mbili wakiwa wameipa mgongo, bila kuambiwa zimeangukia wapi. Waliokaribia mara ya kwanza wengi walikuwa mbali zaidi mara ya pili, na waliokuwa mbali wakasogea karibu. Hakuna aliyesifiwa, hakuna aliyefokewa.

Niliposoma habari hiyo nilifikiria fimbo. Mimi nimekulia katika shule za viboko na nimefanya kazi katika shule za viboko. Nimemsikia mwalimu mzee, mtu mwema asiyependa kuumiza watoto, akisema kwa dhati kwamba miaka yote ya kazi imemfundisha kuwa fimbo inafanya kazi: waliopata chini ya 30 wakichapwa, mtihani unaofuata wanapanda. Hadanganyi. Kweli wanapanda. Wangepanda hata kama angewaimbia. Na aliowasifu kweli wameshuka mbele ya macho yake, mwaka baada ya mwaka. Uzoefu wenyewe unamfundisha mwalimu kuwa mkali, kwa kuwa anachapa pale ambapo alama kwa wastani zinaelekea juu, na anasifu pale ambapo kwa wastani zinaelekea chini. Mtu anaweza kukaa kazini miaka thelathini, akawa makini kila siku, na kila siku ushahidi ukampotosha upande uleule. Hilo ndilo linalonisumbua katika jambo hili kuliko hesabu yake.

Basi, mwalimu atajuaje kama kazi yake ya jioni imesaidia? Nitaeleza nilivyofanya na alama zangu.

Kwanza unahitaji kujua alama za jaribio la kwanza zinatabiri za pili kwa kiasi gani. Hiyo ni namba ya uhusiano, ambayo kwa mitihani kama hii iko kati ya 0 na 1. Sikuitafuta kutoka mkondo wangu, kwa sababu mkondo wangu ulikwisha guswa: kama masomo ya jioni yalisaidia, yameshaibadilisha namba yenyewe. Nilitumia mkondo B. Katika programu ya majedwali ya kompyuta nilipanga alama za jaribio la kwanza safu ya B na za pili safu ya C, nikaandika:

```
=CORREL(B2:B44,C2:C44)
```

Ikatoka 0.7. Maana yake kundi lililochaguliwa kwa alama za kwanza litegemewe kubaki na asilimia 70 ya umbali wake kutoka kwenye wastani, na kupoteza 30. Kumi wangu wa chini walikuwa 28, yaani alama 24 chini ya 52. Asilimia 70 ya 24 ni 16.8. Toa kwenye 52, unapata 35.2. Hapo ndipo wangefika bila mimi. Walifika 36.

Kumi wa juu walikuwa 28 juu ya wastani. Asilimia 70 ni 19.6, na ukiijumlisha na 52 unapata 71.6. Walipata 72. Hawakushuka hata kidogo chini ya pale palipotegemewa. Na yule binti wa 91? Alikuwa 39 juu. Asilimia 70 ni 27.3, kwa hiyo nilipaswa kumtegemea kwenye 79. Alipata 77. Nilimtishia kumpigia baba yake kwa alama mbili.

Hesabu hii fupi inafaa pale ambapo mitihani yote miwili ina wastani unaolingana na alama zimetawanyika kwa kiasi kilekile. Mtihani wa pili ukiwa mgumu, kila mtu atashuka, na hiyo si habari tunayoizungumza. Basi pima umbali wa kila mtu kutoka kwenye wastani wa mtihani husika, au tumia nafasi darasani. Pia ni hesabu ya makundi. Kwa mtoto mmoja mmoja inakupa mahali pa kutegemea, lakini wapo watakaobaki palepale kileleni, kama yule mmoja wa 70 aliyepata 70 tena.

Isitoshe, usiseme kwamba masomo yangu ya jioni hayakufaa kitu. Nilitaka kulisema hilo kwa uchungu wa siku ile, na lingekuwa kosa jingine. Tofauti kati ya 36 na 35.2 haifiki alama moja, lakini wastani wa watoto kumi nao unayumba kwa bahati, na kwa alama zilizotawanyika kama zetu unaweza kuyumba kiasi cha alama 5 hivi upande wowote. Inawezekana kabisa niliwaongezea alama tatu au nne za kweli na kipimo changu hakikuwa na macho ya kuziona. Kitu ambacho nakijua ni kwamba zile nane nilizozitangaza ofisini hazikuwa zangu.

Njia iliyo bora ni kupanga mambo kabla. Mwaka uliofuata nilitoa majaribio mawili mafupi ndani ya wiki mbili kabla ya kumbakiza mtu yeyote. La kwanza lilitumika kuchagua, la pili likawa ndiyo mwanzo wa kupimia. Kurejea kwenye wastani kwa sehemu kubwa kulitokea kati ya hayo mawili, na kulipokwisha kutokea ndipo tukaanza kukaa chini ya mwembe. Kupanda kokote kulikotokea baada ya hapo kulikuwa na haki ya kuulizwa kumetoka wapi. Faida nyingine sikuitegemea: watoto watatu waliokuwa kwenye orodha yangu ya kwanza walionekana wazi kuwa hawakuhitaji msaada, walikuwa na siku mbaya tu, na nafasi zao wakazipata wengine watatu ambao mara zote mbili walikuwa wanahangaika nafasi ya kumi na mbili, kumi na tatu kutoka chini. Hao ndio ambao mstari wangu wa mwaka wa nyuma ungewaacha.

Najua shule nyingi haziwezi kutoa jaribio la ziada, karatasi zenyewe ni za kuomba. Lakini mkondo wa pili ambao haukuguswa upo mara nyingi, na daftari la mwaka jana lipo.

Ukishaliona jambo hili kwa watoto utaliona na kwa shule. Baraza la Mitihani la Tanzania lilipokuwa likitangaza shule kumi bora, kabla ya kuacha utaratibu huo mwaka 2023, lilizitenga shule zenye watahiniwa wachache katika orodha yao peke yake. Shule yenye watahiniwa 25 inaweza kuruka juu au kuporomoka kwa watoto watatu tu waliopata siku njema au homa, wakati shule ya watahiniwa 200 haitikisiki kirahisi. Mkuu wa shule ndogo akipongezwa mwaka huu na kuulizwa mwakani kwa nini ameshuka, jibu la kweli huenda likawa katika idadi ya watoto wake kabla halijawa katika uongozi wake. Haina maana kuwa shule zote ni sawa. Shule iliyoko juu miaka kumi mfululizo haiko pale kwa bahati, na mtoto anayepata zaidi ya 85 katika majaribio sita anaijua hisabati. Kurudia ndiko kunakotenganisha uwezo na siku njema.

Yule binti nilimwita tena mwezi wa Juni, baada ya kufanya hesabu hizi. Sikumweleza habari ya namba ya uhusiano. Nilimpa karatasi zake mbili, nikamwonyesha swali la seti na kile kistari cha kutoa, nikamwambia kwamba nilimkosea. Alikaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu, ile 91 haikuwa yangu?"

Nikamwambia ilikuwa yake, na 77 ni yake pia, na kwamba mimi nilipaswa kumtafuta katikati ya hizo mbili. Akazikunja karatasi zote mbili pamoja, akaziweka ndani ya daftari lake, akarudi darasani.